Jumla 7.5, lakini Kuandika kumenikwamisha

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni muuguzi, nina miaka 29, nafanya kazi katika kliniki moja hapa Lamu, na nataka kusajiliwa Uingereza. Mwezi wa Machi nilikwenda Mombasa kufanya IELTS, ule mtihani wa Kiingereza. Nilipata Kusikiliza 8.5, Kusoma 7.5, Kuzungumza 7.5 na Kuandika 6.0. Jumla wakaniandikia 7.5. Nilifurahi mpaka ajenti aliponiambia kwamba nimeanguka kwa sababu ya Kuandika, na kwamba karatasi hiyo niitupe nianze upya. Mwenzangu tuliyefanya naye alipata jumla ya 7.0, chini yangu, na yeye amepita. Siku ile grafu ilinimalizia muda na insha sikuifikisha mwisho. Nimepanga kurudia Novemba, na kila usiku naandika insha tu, kwa sababu hizo sehemu nyingine naziweza. Je, karatasi ya Machi kweli haina kazi tena? Na Novemba nifanyeje?*

*Muuguzi wa Langoni, Lamu*

Marahaba mwanangu. Karatasi yako ya Machi usiitupe. Irudishe kwenye bahasha yake na uiweke pamoja na vyeti vyako, maana hiyo ni nusu ya safari na nusu hiyo umekwisha kuilipia. Nimewafundisha wauguzi wanafunzi hapa Malindi kwa miaka mingi, na matokeo ya namna hii nimeletewa mara nyingi. Anayeyaleta huwa analia, na mara nyingi hakuna aliyekaa naye akamsomea yale yaliyoandikwa.

Nianze na huyo mwenzako, kwa kuwa naona ndiye anayekuuma zaidi. IELTS yenyewe haina kupita wala kuanguka. Inakupa namba tano tu, nne za sehemu na moja ya jumla. Hiyo jumla ni wastani wa zile nne uliosogezwa kwenye nusu iliyo karibu. Zako ukizijumlisha unapata 29.5. Gawanya kwa nne, utapata 7.375, nao wakaupandisha hadi 7.5. Mwenzako, kama alipita kwa jumla ya 7.0, yawezekana alikuwa na 7.0 tatu na 6.5 ya Kuandika. Jumla yake ni 27.5, ukigawanya kwa nne ni 6.875, inasogezwa hadi 7.0. Kwenye wastani umemzidi, na umemzidi kwa haki.

Anayesema umepita au hujapita ni yule unayempelekea hizo namba, na kwako ni NMC, baraza linalosajili wauguzi na wakunga wa Uingereza. Hao huitazama jumla, wanataka 7.0, lakini hawaishii hapo. Wanataka pia 7.0 katika Kusikiliza, 7.0 katika Kusoma, 7.0 katika Kuzungumza na 6.5 katika Kuandika, kila moja kwa miguu yake. Ile 8.5 yako ya Kusikiliza ina ziada ya moja na nusu, na ziada hiyo haihamishiki kwenda Kuandika hata chembe. Wewe wa Lamu nikuambie kwa lugha ya kwenu: tanga likiwa zima namna gani, halizibi tobo la ubao wa chini. Panapovuja ndipo panapotiwa kalafati.

Jambo lenyewe si geni kwako. Ulipoingia kozi ya uuguzi, wastani wa KCSE peke yake haukutosha, Biolojia iliangaliwa kivyake. Na sababu yake unaijua kuliko watu wengi. Fikiria umemaliza zamu ya usiku, na mgonjwa wa kitanda cha pili amepewa dawa ya maumivu saa kumi na nusu alfajiri. Uliyasikia maagizo ya daktari vizuri kabisa, ukazungumza na mgonjwa kwa upole, lakini kwenye karatasi umeandika sentensi ambayo mwenzako wa asubuhi hawezi kujua kutoka kwayo kama dozi imetolewa au inasubiriwa. Atampa tena, au hatampa kabisa. Masikio yako mazuri hayamsaidii mgonjwa yule, kwa sababu wewe hupo tena wodini, kilichobaki ni maandishi. Ndiyo maana wanaosajili wauguzi hawakubali ujuzi mmoja ulipie mwingine.

Lakini kanuni hii ina ukali wake, na sitakuficha. Kila sehemu ikipimwa peke yake, bahati mbaya ya siku moja inapata milango minne ya kuingilia badala ya mmoja. Chukua mtu aliye sawasawa na kiwango, ambaye katika kila sehemu ana nafasi 80 kati ya 100 ya kuvuka. Ukidhani sehemu hizo hazitegemeani, nafasi yake ya kuvuka mbili ni 64, na ya kuvuka zote nne kwa siku moja ni kama 41 tu. Kwa kweli sehemu hizi huenda pamoja, aliye hodari wa Kusoma mara nyingi si mbovu wa Kuandika, kwa hiyo hali halisi si mbaya kiasi hicho. Hata hivyo, mtu anayeweza kazi anakwama kwa nusu alama katika sehemu moja, na akirudia, nusu hiyo inahamia sehemu nyingine. Nimeona dada mmoja akizunguka hivyo mara tatu, kila mara anaangushwa na sehemu tofauti.

Kwa ajili ya watu kama hao ndipo NMC wakaruhusu matokeo ya mitihani miwili yaunganishwe, na hapa ndipo ajenti wako alipokupoteza. Pengine hakukudanganya kwa makusudi. Yawezekana anaishi na kanuni ya zamani. Kabla ya 2023, ili uunganishe, mitihani miwili ilipaswa kuwa ndani ya miezi 6, na hakuna sehemu iliyoruhusiwa kushuka chini ya 6.5, Kuandika ikiwemo. Kwa kanuni ile, 6.0 yako ingeifanya karatasi ya Machi isifae kweli. Mwaka 2023 wakalegeza: muda ukawa miezi 12, na Kuandika kukaruhusiwa kushuka hadi 6.0.

Kwa hiyo sasa kuna vipimo viwili, na usivichanganye. Cha kwanza ni cha kuvuka, zile 7.0 tatu na 6.5 moja. Kila sehemu lazima ivuke kipimo hicho walau mara moja katika karatasi zako mbili. Cha pili ni sakafu: katika karatasi yoyote kati ya hizo mbili, Kusikiliza, Kusoma na Kuzungumza zisiwe chini ya 6.5, na Kuandika kusiwe chini ya 6.0. Karatasi yako ya Machi imekaa juu ya sakafu kila mahali, ile 6.0 imegusa sakafu yenyewe lakini haikutoboa. Ungepata 5.5, leo ningekuambia kweli uanze upya.

Sasa kaa mezani, chukua penseli, andika matokeo ya Machi kwenye mstari mmoja na chini yake yale unayoyawaza ya Novemba. Tuseme Novemba unapata Kusikiliza 7.0, Kusoma 6.5, Kuzungumza 7.0, Kuandika 6.5. Ukiitazama karatasi hiyo peke yake, Kusoma kumeanguka. Ukiiweka chini ya ile ya Machi, Kusoma kulivuka Machi kwa 7.5, Kuandika kumevuka Novemba kwa 6.5, na hakuna kilicho chini ya sakafu. Umepita.

Halafu andika hii nyingine, uitazame vizuri. Kusikiliza 7.5, Kusoma 6.0, Kuzungumza 7.5, Kuandika 7.0. Jumla yake ni 7.0 kamili, Kuandika kumepanda alama nzima, na kila mtu nyumbani atakupongeza. Lakini Kusoma kuko chini ya 6.5, na karatasi hiyo haiunganishiki na ya Machi. Umeandika insha nzuri kuliko zote maishani mwako na bado umebaki ulipokuwa.

Hii ndiyo hofu yangu juu ya hizo insha zako za kila usiku. Unasema sehemu nyingine unaziweza, nami nakubali, ila Novemba hutaulizwa uliziweza Machi. Utazifanya zote nne upya. Huhitaji kuzirudia kwa alama zilezile, unahitaji zisizame. Katika Kusoma kuna maswali 40 kwa dakika 60. Takriban 30 yakiwa sahihi ndiyo 7.0, na takriban 23 ndiyo 6.0. Kati ya kuwa salama na kutoboa sakafu ni maswali machache tu, yaani kifungu kimoja kilichokuchelewesha. Kwa hiyo kila wiki fanya mtihani mmoja mzima wa Kusoma na mmoja wa Kusikiliza, kwa saa, bila kusimama kunywa chai, na uandike idadi ya majibu sahihi. Ukiona Kusoma kunaelea 32 na kuendelea, endelea na insha kwa amani. Ukiona 26, acha insha siku mbili ukakae na Kusoma.

Kuhusu Kuandika kwenyewe, umeniambia ugonjwa wako bila kujua kwamba umeniambia. Grafu ilikumalizia muda. Sehemu hiyo ina kazi mbili ndani ya saa moja. Ya kwanza ni kueleza grafu, jedwali au mchoro kwa maneno yasiyopungua 150, ya pili ni insha ya maneno yasiyopungua 250. Ya pili ina uzito mara mbili ya ya kwanza. Chukua mtu aliyepata 7.0 kwenye grafu na 5.5 kwenye insha. Ukihesabu insha mara mbili, jumla ni 18, ukigawanya kwa tatu ni 6.0. Karatasi ya matokeo haikuonyeshi mgawanyo huo, inakupa namba moja tu, kwa hiyo siwezi kukuapia kwamba ndiyo yaliyokupata. Lakini insha isiyofika mwisho hupoteza alama kwa kuwa swali halikujibiwa lote, na hupoteza tena kwa kuwa mpangilio wake umekatika. Hayo ni mawili kati ya mambo manne wanayoyapima, mengine yakiwa msamiati na sarufi.

Anza na insha. Hakuna anayekulazimisha kufuata mpangilio wa karatasi. Dakika 40 za mwanzo ziwe za insha, dakika 20 zinazobaki ziwe za grafu. Katika zile 40, dakika tano za kwanza usiandike kitu zaidi ya mpango: swali linauliza mambo mangapi, nami nasema nini kwa kila moja. Swali likisema ueleze sababu na upendekeze suluhisho, nawe ukaandika sababu tupu kwa ufasaha, umejibu nusu. Hili ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi kwa wauguzi wetu wanaozungumza Kiingereza vizuri. Wanaandika kama wanavyozungumza, wazo linavuta wazo, na mwisho swali limesahaulika.

Na kwenye grafu usisimulie kila namba. Tazama kwanza jambo kubwa, nini kimepanda, nini kimeshuka, kipi kimebaki pale pale, ulitaje kwa sentensi mbili, kisha uchague namba chache za kulithibitisha. Wewe hufanya hivyo kila siku unapomweleza daktari chati ya joto la mgonjwa. Humsomei kila kipimo cha saa nne nne. Unamwambia homa ilipanda usiku, imeshuka tangu apewe dawa, na unamtajia ya juu kabisa na ya sasa.

Katika hizo insha zako za usiku, punguza idadi. Mbili kwa wiki zinatosha, ila ziandikwe kwa saa na zisomwe na mtu mwingine, mwalimu wa Kiingereza wa sekondari kwa mfano. Mwambie asianze na tahajia. Ajibu kwanza swali moja: je, kila sehemu ya swali imejibiwa? Kama unaandika haraka kwenye kibodi kuliko kwa kalamu, chagua mtihani wa kompyuta, maana idadi ya maneno utaiona kwenye skrini na hutapoteza dakika kuhesabu kwa kidole. Kama hujazoea kibodi, usijifunze kwa ajili ya Novemba.

Watu watakuambia uombe karatasi ya Machi isahihishwe upya. Hilo lipo, na ada hurudishwa alama ikipanda, lakini huombwa ndani ya wiki 6 tangu siku ya mtihani, na kwako muda huo umepita. Hata usingepita, insha yenyewe hukuimaliza, nami nisingekushauri kuweka fedha hapo. Wengine watakutajia OET, mtihani wa Kiingereza wa watu wa afya, ambao Kuandika kwake ni barua ya kumpeleka mgonjwa au kumruhusu kutoka hospitali, kutokana na maelezo ya mgonjwa unayopewa. Kwa muuguzi ni kazi ya karibu zaidi na nyumbani, na NMC wanaukubali. Lakini ada yake ni kubwa zaidi, na ukihamia huko, 8.5 yako ya Machi unaiacha nyuma. Kwa mtu anayehitaji nusu alama katika sehemu moja, mimi nisingehama.

Hesabu tarehe zako sasa hivi. Miezi 12 inaanza siku uliyofanya mtihani wa Machi, si siku uliyopokea matokeo. Novemba iko ndani, na ikiharibika, una nafasi ya kujaribu tena kabla ya Machi, na bado ya tatu utaiweka chini ya ile ile ya Machi. Lakini usisogeze Novemba mbele kwa sababu ya uchovu wa zamu, maana ukivuka huo mwezi wa Machi, 8.5, 7.5 na 7.5 zako zinaondoka zote pamoja. Unapojisajili, hakikisha umechagua `IELTS Academic`, kama ulivyofanya mara ya kwanza. Na kabla ya kulipa, fungua ukurasa wa NMC wewe mwenyewe, usome kanuni ya kuunganisha kama ilivyoandikwa siku hiyo, uipige picha. Umeona jinsi kanuni ya zamani inavyoendelea kutembea midomoni mwa watu.

Jambo la mwisho ni la safari. Kuzungumza kunaweza kupangwa siku tofauti na zile sehemu tatu, na kwa mtu wa Mombasa hilo si kitu. Kwako ni boti hadi Mokowe, kisha basi kupitia Witu na Garsen mpaka huku kwetu Malindi, na barabara bado inaendelea. Waulize kituoni mapema kama siku hizo mbili zinaweza kuwa moja. Zisipowezekana, omba ruhusa kazini ya siku zote za katikati ulale Mombasa, usijaribu kurudi Lamu na kwenda tena. Na ukipata majibu, niletee karatasi zote mbili, ya Machi na ya Novemba, tuzisome pamoja.